Mpango wa marudio ya Hisabati, wiki tatu kabla ya mtihani wa Darasa la Saba

Neema mwanangu,

Baba yako amenitumia skani ya moko yako. Umepata 31 kati ya 50. Nimepitia kila swali, hata ukurasa wa tano uliopinda, na hizo 19 zilizopotea hazitoki kila mahali. Kwa hiyo usianze kitabu ukurasa wa kwanza.

Wiki ya 1: sehemu. Maswali ya 4, 7, 11, 12 na 19, alama 5. Magazijuto unaijua, kosa liko kwenye kutoa. Tazama la 7: 5¼ − 2⅔. Ulitoa namba nzima ukapata 3, kisha ukaona ¼ haitoshi kutoa ⅔, ukageuza. Ndiyo 3 5/12 yako ilipotoka. Badili zote kwanza: 21/4 − 8/3, asili iwe 12, yaani 63/12 − 32/12 = 31/12 = 2 7/12. Jumatatu hadi Alhamisi fanya maswali sita ya namna hiyo kila jioni, hatua zote ziandikwe. Ijumaa rudia yale matano bila kutazama moko.

Wiki ya 2: duara na maeneo. La 22, 26, 27, 33, na la 42 la sehemu B lenye alama 2. Hapa kosa ni moja tu, limekula alama 6! Kipenyo sm 14, wewe ukaweka 14 mahali pa nusu kipenyo, ukapata 616 badala ya 154. Kwenye la 42 ukaandika eneo lenye kivuli ni 420, wakati mraba mzima ni 196. Kivuli kimezidije mraba kilimo ndani yake? Jibu ni 196 − 154 = sm² 42. Kila ukiona duara, andika "r =" kabla ya lolote. Maswali manne kwa siku yanatosha.

Wiki ya 3: mwendokasi na pai grafu. La 30, 38, 45 na 44, alama 6. Dakika 45 si saa 0.45, ni ¾. Kilomita 60 kwa dakika 45 ni kilomita 80 kwa saa. Pai grafu ina nyuzi 360, siyo 100: wanafunzi 30 kati ya 120 ni nyuzi 90. Siku mbili kwa kila mada.

La 35 la riba ulisahau tu kugawa kwa 100. Lipitie Jumamosi yoyote.

La 40 limeniuma. Kwenye karatasi umezungushia C, ambayo ni sahihi, kwenye fomu ukatia kivuli D. Ukimaliza kila maswali kumi, linganisha namba ya swali na ya fomu.

Jumamosi ya mwisho tufanye moko hii upya, saa yako mezani. Mwambie baba askani kwa mwanga wa mchana safari hii.

Shangazi