Nyayo za kaboni za kaya moja ya Nkuhungu, Dodoma

Kazi binafsi ya Sayansi ya Mazingira, mwaka wa pili

Swali

Kaya ya watu 6 katika kata ya Nkuhungu, Dodoma, hutumia nishati ifuatayo kwa mwezi: umeme uniti 62, mkaa kilo 54, gesi ya mtungi kilo 5 (mtungi wa kilo 15 huisha kwa miezi mitatu) na mafuta ya taa lita 1.5. Vigezo vya utoaji wa hewa ukaa ni hivi: umeme kilo 0.40 kwa uniti, mkaa unapoungua kilo 3.30 kwa kilo, gesi kilo 2.98 kwa kilo, mafuta ya taa kilo 2.54 kwa lita. Tanuri la udongo hutoa mkaa asilimia 15 ya uzito wa kuni kavu, na nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni.

(a) Kokotoa hewa ukaa ya kaya kwa mwezi, kwa mwaka na kwa kila mtu. (b) Rudia hesabu ukianzia tanurini. (c) Kaya ikihamishia nusu ya upishi wa mkaa kwenye gesi, itapunguza kiasi gani? Chukua mkaa megajuli 29.5 kwa kilo na jiko lenye ufanisi wa asilimia 20. Gesi megajuli 47.3 kwa kilo na jiko lenye ufanisi wa asilimia 55.

Jibu (a)

Kanuni ni moja kwa nishati zote: kiasi kilichotumika × kigezo cha utoaji.

| Nishati | Hesabu | Kilo za CO2 kwa mwezi | Asilimia |
|---|---|---|---|
| Umeme | 62 × 0.40 | 24.80 | 11.2 |
| Mkaa | 54 × 3.30 | 178.20 | 80.4 |
| Gesi | 5 × 2.98 | 14.90 | 6.7 |
| Mafuta ya taa | 1.5 × 2.54 | 3.81 | 1.7 |
| Jumla | | 221.71 | 100 |

Kwa mwaka: 221.71 × 12 = kilo 2,660.52, yaani tani 2.66. Kwa kila mtu: 2,660.52 ÷ 6 = kilo 443.42.

Kabla ya kukitumia kigezo cha mkaa nilikihakiki. Mkaa uliochomwa vizuri una kaboni karibu asilimia 90. Kila gramu 12 za kaboni zikiungua zote huwa gramu 44 za hewa ukaa, hivyo 0.90 × 44/12 = 3.30. Kimekubali.

Kigezo cha umeme ndicho kinachoweza kubadilika mapema zaidi, kwa sababu gridi ya taifa huchanganya maji na gesi asilia, na tangu 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji imeanza kuingiza umeme. Bwawa hilo limejengwa kwa megawati 2,115. Lakini hata kigezo kikishuka hadi 0.20, kaya hii itapunguza kilo 12.4 tu kwa mwezi, ambazo hazifiki asilimia 6 ya jumla. Kwa hiyo sikukaa sana kwenye umeme. Nguvu zangu nimezipeleka kwenye mkaa.

Jibu (b)

Kilo 54 za mkaa zimetoka kwenye kuni kavu kiasi gani? 54 ÷ 0.15 = kilo 360. Nusu yake ni kaboni, yaani kilo 180. Zikigeuka zote kuwa hewa ukaa: 180 × 44/12 = kilo 660.

Katika hizo, 178.2 hutoka jikoni Nkuhungu. Zilizobaki, kilo 481.8, zilishapanda angani porini kabla gunia halijafungwa. Kwa kila kilo moja inayotoka jikoni, zaidi ya kilo mbili na nusu zilitoka tanurini. Mama mwenye nyumba haoni moshi huo, na jedwali la (a) nalo halikuuona.

Jumla mpya kwa mwezi: 660 + 24.80 + 14.90 + 3.81 = kilo 703.51. Kwa mwaka ni tani 8.44, kwa kila mtu kilo 1,407.02. Hiyo ni mara 3.17 ya jibu la (a), na hakuna mtu aliyeongeza hata kipande kimoja cha mkaa jikoni.

Hapa kuna hoja ya haki ya upande wa pili: mti ukichipua tena hunyonya hewa ukaa ileile. Ni kweli. Tukichukulia kwamba nusu ya miti hurudi, mkaa unabaki na kilo 330, jumla inakuwa 373.51 kwa mwezi, au tani 4.48 kwa mwaka. Mimi naiona nusu hiyo kuwa ukarimu mkubwa kwa mkoa wetu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni ukame mpaka mwisho wa mwaka. Kisiki cha mgunga kinachochipua Januari kinakutana na mbuzi kabla hakijafika magotini. Isitoshe, nimehesabu kaboni yote kama hewa ukaa, ilhali tanuri lililofunikwa kwa udongo hukosa hewa ya kutosha na hutoa pia methani, ambayo hupasha joto zaidi kwa kila kilo. Kwa hiyo jibu ninalolisimamia liko kati ya tani 4.48 na 8.44, na nafikiri liko karibu zaidi na la juu.

Jambo lingine nililiona nyumbani kwetu. Gunia lilipoisha nilikung'uta chini nikapima chenga zilizobaki: kilo tatu na nusu. Chenga hizo hazikuingia jikoni, mama huzimwaga nyuma ya choo. Kaya ya Nkuhungu ikiwa na chenga kama hizo kila mwezi, jibu la (a) linapungua kwa 3.5 × 3.30 = kilo 11.55. Jibu la (b) linapungua kwa kiasi hichohicho tu, kwa sababu kuni kilo 23 zilizozaa chenga hizo zilishakatwa na sehemu kubwa ya kaboni yake ilishatoka tanurini.

Jibu (c)

Nusu ya mkaa ni kilo 27. Joto linalofika kwenye sufuria: 27 × 29.5 × 0.20 = megajuli 159.3. Kilo moja ya gesi hufikisha 47.3 × 0.55 = megajuli 26.0. Gesi inayohitajika: 159.3 ÷ 26.0 = kilo 6.13, ambazo hutoa 6.13 × 2.98 = kilo 18.27 za hewa ukaa.

Ukihesabu jikoni tu, kaya inapunguza 89.10 − 18.27 = kilo 70.83 kwa mwezi. Ukianzia tanurini, na nusu ya miti ikirudi, inapunguza 165 − 18.27 = kilo 146.73. Mti usiporudi kabisa: 330 − 18.27 = kilo 311.73.

Matumizi ya gesi yatapanda kutoka kilo 5 hadi 11.13 kwa mwezi, hivyo mtungi wa kilo 15 utaisha kwa siku 40 badala ya 90. Hapo ndipo ugumu ulipo kwa kaya hii: mkaa hununuliwa hata kwa kopo moja la jioni, lakini mtungi hudai fedha yote siku moja. Ningeanza na chai ya asubuhi na mboga, ambazo huiva haraka na jiko la gesi huzimwa papo hapo. Jiko la mkaa huendelea kuwaka bure baada ya sufuria kuepuliwa. Maharage na makande ningeyaacha kwenye mkaa kwa sasa, yakiwa yamelowekwa tangu usiku.