Tangazo la kazi nililoandika mara tatu

Mke wangu alipoanza biashara yake ya dagaa kule Kibirizi nilimwambia nenda tu mama, duka nitalimudu. Wiki ya kwanza tu nikaumbuka. Duka langu ni la vifaa vya ujenzi, lipo Mwanga hapa Kigoma, nyuma ya soko, na hardiwea siyo genge la nyanya kwamba mteja anajichagulia anakupa hela anaondoka. Mmoja anataka koki, mwingine kaja na kipande cha bomba mkononi anauliza soketi yake, fundi wa tatu ameegesha guta nje anasubiri mifuko 20 ya saruji, na mimi niko stoo natafuta misumari ya bati. Nikitoka wawili wameshahamia duka la jirani. Siku hiyo nikaapa naajiri mtu.

Sasa mimi tangu nizaliwe sijawahi kuandika tangazo la kazi. Waliowahi kunisaidia wote walikuwa wapwa na watoto wa jirani, unamwambia kesho njoo, anakuja. Nikakaa kaunta jioni nikachukua makapeni na boksi la taa nikaandika hivi:

NAFASI YA KAZI. ANAHITAJIKA KIJANA MWAMINIFU, MCHAPAKAZI NA MCHESHI WA KUFANYA KAZI DUKANI. MSHAHARA MZURI. PIGA SIMU.

Chini nikaweka namba yangu, nikabandika mlangoni, nikapiga picha nikatupia stetasi ya wasapu. Nililala nikijiona mkurugenzi kabisa.

Aisee. Kufika saa 4 usiku kesho yake nimeshapokea simu 40 na kitu, na zote zinaanza na swali moja, duka la nini? Wa pili anauliza liko wapi, wa tatu mshahara mzuri ndo shingapi. Kuna mmoja kapiga kutoka Dar anataka nauli ya treni. Mama mmoja anamleta mwanae wa miaka 13, eti shule imemshinda. Na wote ni waaminifu! Ukimuuliza mtu wewe ni mwaminifu atasema hapana kwani? Hata aliyeniibia betri za sola mwaka juzi angepiga simu hiyo bila wasiwasi.

Ila kilichoniuma ni siku ya tatu. Kaja binti mmoja na bahasha, ananyoosha mkono anasema nimeshalipia fomu. Fomu gani? Kumbe kuna mjanja kachukua ile picha yangu ya stetasi, kafuta namba yangu kaweka ya kwake, anawatoza watu elfu 5 ya fomu. Binti ametoka Mwandiga kwa nauli ya kukopa. Nilimrudishia nauli, ile elfu 5 ikawa imekwenda na maji, nikang'oa lile boksi kwa hasira.

Hasira ikaniharibia na la pili. Nikasema hawa wamezidi, acha niweke masharti watu wapungue. Safari hii nikaenda steshenari nikachapisha kabisa. Awe mwanaume, umri usizidi miaka 25, diploma ya biashara, uzoefu wa miaka 5, ajue kompyuta, Kiingereza na Kifaransa, afanye kazi chini ya presha (hii niliiona kwenye tangazo la watu nikaipenda). Watu walipungua kweli, wakaisha. Wiki nzima kaja mmoja, kijana kavaa suti, kaniuliza ofisi ya meneja iko wapi. Nikamwambia umesimama ndani yake.

Jioni ile mke wangu karudi ananuka dagaa amechoka, kasoma karatasi mlangoni akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Eti baba nanihii, asizidi 25 halafu ana uzoefu wa miaka 5 na diploma juu, huyu alianza kuuza nondo akiwa darasa la ngapi? Sikuwa na jibu. Akaniambia nenda kwa shangazi.

Shangazi yangu anakaa Ujiji, alikuwa karani wa stoo huko reli mpaka anastaafu, mtu wa daftari na rula, hata chumvi nyumbani kwake ina kumbukumbu. Nilimkuta anachambua migebuka. Kasoma tangazo langu mara moja, akaliweka chini ya sahani ya samaki (na hapo ndo lilipoishia) akaniuliza swali ambalo mpaka leo nalikumbuka, mtu huyu Jumanne saa 5 asubuhi atakuwa anafanya nini?

Nikababaika. Anauza, shangazi. Anauza nini, kwa nani, hela anaweka wapi, nani anahesabu jioni? Akaniambia rudi dukani, chukua daftari, siku nzima andika kila unachofanya, kesho jioni uniletee. Mtu mzima nina miaka 44 napewa homuweki.

Niliandika lakini. Na ukilisoma lile daftari unaona kazi yenyewe siyo niliyokuwa naitangaza. Nilipima nondo na kukata mara 6. Nilimpigia mteja hesabu ya mabati mara 4. Niliandika madeni matatu, nikasahau kuandika moja. Saruji? Sikubeba hata mfuko mmoja, wapo makuli nje wanalipwa na mteja. Kiingereza hakuna aliyekiongea. Walikuja Wakongo wawili wa boti, tukaongea Kiswahili, chao kina vionjo vyake ila bei tunaelewana, na mzee wa Kirundi tukamalizana naye kwa Kiha maana lugha hizi ni ndugu.

Shangazi akayapitia masharti yangu na kalamu. "Mwanaume wa nini kama saruji wanabeba makuli?" Futa. Akasema tena na sheria yenyewe ya ajira na mahusiano kazini, ile ya mwaka 2004, hairuhusu kubagua mtu kwa jinsia wala kabila wala dini kama kazi haidai hivyo. Yule mtoto wa miaka 13 ndo kabisa, chini ya 14 haajiriwi. Kompyuta unayo? Sina. Futa. Diploma? Anahitaji kusoma, kuandika na kuzidisha. Futa.

Kwenye saa tulibishana. Mimi nafungua saa 1 asubuhi nafunga saa 12 jioni siku 6, nikadhani na mfanyakazi hivyohivyo. Shangazi akapiga hesabu pembeni ya gazeti, 66. Sheria inasema saa 45 kwa wiki na zisizidi 9 kwa siku, zaidi ya hapo ni ovataimu unalipia. Ikabidi asubuhi nifungue mwenyewe na jioni nifunge mwenyewe, mfanyakazi aingie saa 2.

Ugomvi mkubwa ulikuwa mshahara. Sikutaka kuandika, naona aibu, majirani watajua nalipa shingapi, na moyoni nilikuwa na ujanja kwamba akija mwenye njaa namshusha. Shangazi kaniangalia tu. Kasema usipoandika wanakuja 40, 30 wanataka mara mbili ya ulichonacho, siku nzima unajadiliana na watu ambao hutawachukua. Nikaandika.

Mwisho akasema weka swali, jibu lake lije limeandikwa. Swali nililitunga mwenyewe, najisifia, linatokana na kosa ambalo mpwa wangu alinitia nalo hasara. Tangazo likawa hili:

KAZI YA KUUZA DUKANI, MWANGA, KIGOMA

Duka la vifaa vya ujenzi nyuma ya soko la Mwanga, mlango wa bluu wenye picha ya koleo, linatafuta muuzaji mmoja wa kaunta. Mwanamke au mwanaume, kuanzia miaka 18.

Kazi yenyewe: kuhudumia mafundi na wateja, kupima na kukata nondo na mabomba, kumpigia mteja hesabu ya vifaa, kuandika kila mauzo na kila deni kwenye daftari, kupokea hela taslimu na za simu, na kuhesabu mauzo pamoja na mwenye duka kila jioni. Kubeba mizigo mizito siyo kazi yako.

Lazima ujue kusoma, kuandika na kutumia futi ya kupimia. Ukiwa umewahi kufanya kazi dukani au saiti ni vizuri, kama hujawahi utafundishwa majina ya vifaa.

Muda: Jumatatu hadi Ijumaa saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, mapumziko saa moja mchana. Jumamosi saa 2 hadi saa 7 mchana. Jumapili hakuna kazi.

Malipo: 280,000 kwa mwezi, chakula cha mchana, mkataba wa maandishi, NSSF, likizo siku 28 kwa mwaka. Miezi 3 ya mwanzo ni ya majaribio.

Njoo mwenyewe dukani Jumatano hadi Ijumaa, saa 9 hadi saa 11 jioni, au Jumamosi kabla ya saa 7 mchana. Usipige simu. Njoo na kitambulisho au namba ya NIDA, majina ya watu wawili wasio ndugu zako wanaojua kazi yako, na jibu la swali hili kwenye karatasi: Nondo moja ina mita 12. Mteja anataka vipande 10 vya mita 3 na nusu, visivyo na kiungo. Utamuuzia nondo ngapi, na kwa nini?

Hakuna fomu, hakuna ada. Ukiombwa hela na mtu yeyote, huyo siyo sisi.

Walikuja 11 tu siku zote nne, nikaongea nao vizuri nikiwa na akili yangu timamu. Hakuna aliyeuliza mshahara. Wanane waliandika 3, maana 35 gawa kwa 12 ni karibu 3, hesabu ya darasani hiyo, ukimkatia mteja hivyo anarudi na vipande 9 na matusi. Watatu waliandika 4. Mmoja ni kijana wa Gungu, mwingine fundi aliyetaka kazi ya nusu siku.

Wa tatu alikuwa mama wa makamo, miaka mingi alikuwa anapikia mafundi saiti, elimu yake darasa la 7. Karatasi yake ilikuwa ya daftari la mwanae, kachora nondo nne kama fimbo na kila kipande kakitia alama. Kila nondo inatoa vitatu, ya nne inatoa kimoja. Halafu chini kaandika: "Vinabaki vipande 3 vya mita 1 na nusu na kimoja cha mita 8 na nusu, hivyo ni vya mteja au vya duka? Aambiwe kabla ya kukata."

Miaka 9 nauza nondo sijawahi kumwambia mteja kabla ya kukata. Nagombana naye baada.

Niliwapigia wale watu wake wawili, mmoja msimamizi wa saiti akaniambia huyo mama alikuwa anamkumbusha yeye saruji iliyobaki stoo. Jumatatu saa 2 kasoro kumi alikuwa mlangoni. Wale wengine kumi niliwatumia meseji kwamba nafasi imejaa, shangazi alisimamia hilo pia.

Wiki ya pili akaniambia bosi hili tangazo tulitoe mlangoni. Nikamwambia liache kidogo, si linapendeza. Akasema mafundi wanasimama hapo wanabishana kuhusu nondo, jana wawili wameshikana mashati, na wanaziba njia ya wateja.