Orodha ya vyumba, zamu ya asubuhi, Jumamosi 16 Agosti 2025

Zamu: saa 1 asubuhi hadi saa 9 mchana
Ghorofa ya kwanza, pamoja na 201 na 202: Salama
Ghorofa ya pili: Bi Zuhura
Ghorofa ya tatu: Mwajuma
Shuka, maji ya kunywa na mizigo: Hamisi
Kufulia: Mzee Makame

Jana wamelala vyumba 18 kati ya 22. Leo wanatoka 9, wanabaki 9, wanaingia 8. Vitupu na safi tangu jana ni 106, 207 na 303. 107 ni kibovu, kwenye kompyuta kimewekwa OOO, asiuziwe mtu.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Karatasi ya mapokezi ikisema 14:00, hapa ni saa 8 mchana. Msifanye kazi kwa kufuata namba za milango. Fuateni mpangilio huu, na ukibadilika nitawapigia simu ya ndani.

Kabla ya kupanda: fundi wa pampu anakuja saa 5, na hadi saa 6 ghorofa ya tatu haitakuwa na maji. Mwajuma, mabafu yako yote yawe yamekwisha kabla ya hapo, au yangoje. Usianze bafu saa 5 kasoro dakika kumi ukaachwa na povu ukutani.

VYA KWANZA: vimeshaachwa, na wageni wako njiani

204. Wametoka alfajiri kuwahi ndege. Familia inayoingia imesafiri usiku kucha na mtoto wa miezi 8, wanafika saa 4 asubuhi. Vitupu vyetu vitatu haviwafai, maana 204 ndicho chenye kitanda kikubwa na kidogo pamoja. Bi Zuhura anza hapa, Hamisi akusaidie kuvua shuka na kugeuza godoro, kisha ashuke. Saa 3 na nusu nakuja kukagua.
Kitanda cha mtoto kiko stoo ya chini, nyuma ya feni. Hamisi, kaza skrubu nne za miguu kabla ya kukipandisha na utikise ubavu unaoshuka kama unashika. Ndani shuka moja tu, iliyobana godoro. Mto usiwekwe, wala blanketi zito, hata kama kinaonekana kitupu; mtoto wa umri huo hana haja ya mto na unaweza kumziba pumzi. Chandarua chake kidogo kifungwe kisining'inie ndani. Waongezeeni taulo mbili na ndoo ndogo ya kuogea, mama ameiomba. Birika la umeme liondolewe mezani liwekwe juu ya kabati.

103. Wametoka saa 12 kuwahi boti. Anaingia saa 7 mchana bibi mmoja na binti yake. Bibi anatembea kwa fimbo, goti limefanyiwa upasuaji. 106 ni kitupu lakini bafu lake lina ngazi mbili, kwa hiyo ni 103 tu. Salama: mkeka mdogo wa mlangoni na ule wa kando ya kitanda utoe kabisa, ndiyo inayoteleza. Weka mpira wa kukanyagia bafuni, kile kiti cha plastiki chenye mikono, na taa ya usiku karibu na swichi. Kizingiti cha mlango kiko juu. Mapokezi wameahidi kumpokea nje, lakini ukimwona kabla yao mshike mkono umkaribishe.

VYA PILI: wanatoka asubuhi, wengine wanaingia mchana

302. Wanatoka saa 3. Wanaingia saa 9 mchana, ni fungate, na wamelipia kile kile chenye samadari. Mwajuma, kikiachwa tu ingia, bafu kwanza kwa sababu ya maji. Kamba za chandarua zifungwe kwa kutumia ngazi ndogo, usipande juu ya ubao wa kitanda. Nakshi ile ikivunjika hakuna fundi wa kuirudisha wiki hii. Kagua juu ya besera, chokaa ya dari inadondoka na shuka nyeupe inaonyesha kila kitu.
Maua: asmini inaletwa saa 8, iwekwe kwenye sinia dogo na vikuba viwili juu ya mito. Mawaridi mekundu sitaki. Yakilaliwa yanatia rangi, na shuka mbili za mwezi uliopita Mzee Makame ameshindwa kuzirudisha. Taulo zisikunjwe ndege wala tembo, wenyewe wameandika hawapendi. Halua na kahawa jikoni wataleta saa 9 kasoro robo.

205 na 206. Wote wanatoka saa 4. Wanaingia saa 8 mchana kinamama sita kutoka Mombasa, wamekuja harusini, watatu kila chumba. Kila chumba kitanda kimoja cha ziada, Hamisi avipandishe kabla ya saa 6 ngazi zikiwa na nafasi. Leo jioni wanapakwa hina na piko. Kwa hiyo: taulo za rangi ya kahawia, siyo nyeupe, shuka zile za zamani zenye maua juu ya zetu, na kipande cha plastiki chini ya kila kiti. Waelezeni kwa upole mkikutana nao, msiwatishe na faini. Wameomba pia pasi na meza yake (206) na kioo kirefu, kitolewe 107.

201. Wanatoka saa 4, anayeingia anakuja na boti ya jioni. Hakina haraka. Salama akifanye baada ya 104 na ya wanaobaki, mradi saa 8 kiwe tayari.

207. Kitupu, safi. Anaingia saa 8 mgeni mmoja mwenye mzio wa manyoya na harufu. Bi Zuhura, toa mito ya manyoya na ile tandiko nene, weka mito ya sponji iliyo kwenye mfuko wa bluu. Usipulizie chochote, wala udi usipitishwe korido ile hadi aseme mwenyewe. Fungua madirisha saa moja nzima, kisha futa vumbi kwa kitambaa chenye maji.

303. Kitupu, safi. Wanaingia saa 10 baba na mama kutoka Maskati, wana jamaa zao Malindi na Vuga. Wameomba misala miwili na alama ya kibla. Kibla chetu ni kaskazini, kimeinamia mashariki kidogo sana. Ile karatasi ya mshale iliyo ndani ya droo ilibandikwa ikielekea dirishani, siyo sawa, nimeitoa, mpya ninayo mimi. Vinywaji vyenye kileo vitolewe kwenye friji, vihesabiwe na vipelekwe baa kwa sahihi. Jaribu bomba la kuchambia, lilikuwa linavuja kwenye shingo.

VYA TATU: wanatoka, hakuna anayeingia leo

104. Wanatoka saa 4, mizigo wataiacha mapokezi. Usafi wa kawaida. Kama shuka ni chache, kiache kimevuliwa.

305. Someni hapa vizuri. Mgeni anatoka saa 3 na amewaambia mapokezi usiku alikuwa anajikuna. Huenda ni mbu, lakini hatubahatishi. Mwajuma, usitandike na usitoe shuka korido. Shuka, foronya na chandarua vifungiwe kwenye mfuko ndani ya chumba, fundo mbili, Mzee Makame avifue peke yake kwa maji ya moto. Toroli libaki nje, mbali na mlango. Chukua tochi utazame mishono ya godoro, nyuma ya ubao wa kichwani, na matundu ya misumari: unatafuta vidoa vyeusi kama vya wino, maganda, au kunguni wenyewe. Ukiona au usipoona, funga mlango uniite, nataka kutazama mwenyewe. Dawa ya kupuliza ya dukani isitumike, inawatawanya tu kwenda chumba cha jirani. Na kwa sababu hiyo 304 na 306 nazo zitazamwe mishono leo, kimya kimya, wageni wakiwa nje.

307. Wamelipia kukaa hadi saa 8 mchana. Msigonge. Kikifika hapo na zamu imebana, kitavuliwa tu na kuachiwa kesho.

WANAOBAKI

101: wanaondoka saa 2 kwenda Jozani, ingia wakishatoka, warudi wakute tayari. 105: wanakwenda visiwani saa 3. Hivi viwili Salama avifanye akisubiri 104 iachwe.
301, 304, 306: kabla ya maji kukatwa. 306 ni siku ya tatu, badili shuka.
102: shuka zake zinabaki, ameweka kadi kitandani. Taulo iliyotundikwa haibadilishwi, iliyo chini inabadilishwa.
202: mezani kuna makaratasi na pesa za kigeni. Usisogeze hata kalamu. Fagia, bafu, takataka za kwenye pipa tu. Karatasi iliyoanguka sakafuni si takataka, iweke juu ya kiti.
208: anafanya kazi ndani. Taulo na chupa mbili za maji saa 6, mlangoni.

203 ni ya mwisho kabisa, baada ya vyote. Mgeni ametapika usiku na anaharisha. Daktari amekwisha mwona. Bi Zuhura piga simu kwanza umuulize kama anataka. Glavu na barakoa. Vitambaa vya 203 havirudi kwenye toroli. Shuka zikunjwe kwa ndani bila kukung'utwa, mfuko wake peke yake. Choo, bomba, vitasa na swichi: Jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa, iache dakika kumi, ndipo ufute. Madirisha wazi. Usichanganye na ile dawa kali ya choo, hewa yake inakaba kifua. Nawa kwa sabuni na maji, dawa ya mikono ya chupa haitoshi kwa ugonjwa wa tumbo. Mwachie maji ya chupa manne na mifuko ya taka.

SHUKA NA MENGINEYO

Rafuni kuna seti 7 za kitanda kikubwa na 9 za kidogo. Mzee Makame ataleta nyingine saa 5, jua likiruhusu. Hadi hapo, kubwa zinakwenda 204, 103, 302, 205 na 206, na mbili zinazobaki ni za 306 na 201. Hakuna kukopeshana korido bila kumwambia Hamisi, ndiyo maana jana hesabu ilikataa.

107: kiyoyozi kinamwaga maji ukutani. Fundi anakuja saa 8. Hamisi afunike kitanda.

Ukisafisha chumba kilichoachwa tazama kasiki, chini ya godoro na nyuma ya mlango wa bafu. Kitu kilichosahauliwa kiandikwe daftarini na saa uliyokiona, kabla hujashuka nacho.

Kila chumba kikiisha piga namba 9 mseme "204 tayari". Mimi nikishakagua ndipo mapokezi wabadilishe kwenye kompyuta. Wakikuulizeni moja kwa moja, wajibuni waniulize mimi.

Karatasi hii ikae mfukoni, isiachwe juu ya toroli. Ina saa za watu kuwa nje na maradhi yao.

Chai saa 4 na nusu, kwa zamu, kwanza atakayekuwa amemaliza. Saa 9 kasoro robo tukutane stoo na funguo zote za masta, tuwakabidhi wa jioni 201, 303 na hali ya 305.

Bi Rehema, msimamizi wa vyumba