Sehemu ya 5: Mapendekezo (yameandikwa upya baada ya kikao cha wadau)

*Andiko la uchambuzi wa sera: floraidi katika maji ya kunywa vijijini, Wilaya ya Arumeru, Arusha*

Rasimu ya kwanza ilikuwa na mapendekezo tisa. Kwenye kikao cha Usa River kila moja liliulizwa maswali yaleyale: nani atafanya, kwa fedha ipi, na mliona nini uwandani hadi mkasema hivyo? Matano hayakuwa na majibu. "Serikali ihakikishe maji salama kwa wote" lilikuwa la kwanza kuanguka, na lilistahili. Yamebaki manne.

5.1 Matokeo ya vipimo yabandikwe kwenye gati la kuchotea maji. Katika vijiji tulivyotembelea, wachotaji huchagua gati kwa umbali na ladha (kifungu 4.1). Floraidi, madini yanayotia meno madoa yakizidi, haina rangi, na kwa viwango vya huku ulimi hauigundui. Vipimo vilikuwepo, lakini vilikaa kwenye mafaili ya ofisi. Tunapendekeza jumuiya ya watumia maji ya kila kijiji iandike kwenye kibao cha gati namba ya kipimo cha mwisho, tarehe yake, na alama: kijani ikiwa ni miligramu 1.5 kwa lita au chini, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani, nyekundu ikizidi. RUWASA wilaya, wakala wa maji vijijini, iwapatie jumuiya nakala ya kila kipimo. Gharama ni rangi na bati, na mapato ya kuuza maji yanazimudu. Kibao chekundu kisifunge gati. Maji hayo yanafaa kufulia na kuoga, na tukilifunga, watu watarudi mtoni.

Kibao kiwe na sentensi moja zaidi: *Kuchemsha hakuondoi floraidi.* Akina mama wengi waliotujibu huchemsha wakiamini wamemaliza kazi (kifungu 4.3). Kuchemsha huua vijidudu, ila maji yakipungua sufuriani floraidi hubaki palepale, na kila lita inakuwa nayo zaidi.

5.2 Maji ya mvua kwa watoto wadogo shuleni kwanza. Rasimu ilitaka matangi kwa "shule zote". Tumebana walengwa: darasa la awali hadi la pili, katika shule ambazo gati lao ni jekundu. Sababu ni ya kibaiolojia. Meno ya kudumu ya mbele huumbika ndani ya ufizi kabla ya mtoto kufikisha miaka 8 hivi. Madoa ya kahawia tunayoyaona kwa kijana wa sekondari yaliingia zamani, na tangi la leo haliyafuti.

Hesabu inabeba. Watoto 100 wakitumia lita 1 kila mmoja kwa siku, ya kunywa na ya uji, siku 100 za masomo zinahitaji lita 10,000, yaani simtanki moja kubwa. Paa la mita 100 za mraba hukusanya lita 100 kwa kila milimita ya mvua. Tukitoa zinazopotea, tuseme 80. Milimita 125 zinalijaza. Mvua ikichelewa, maji yachanganywe: kisima chenye miligramu 6 kwa lita, sehemu moja kwa sehemu tatu za mvua, kinashuka hadi 1.5. Halmashauri itenge fedha za matangi kwenye mapato ya ndani, ikianza na shule zenye vipimo vibaya zaidi. Mabomba ya paa na usafi wake vibaki kwa kamati ya shule.

5.3 Chujio za mkaa wa mifupa ziwe na daftari. Hatupendekezi kugawa chujio mpya. Nyumbani tulizikuta nyingi zikitumika bila mwenyewe kujua zilijazwa lini (kifungu 4.4). Mkaa wa mifupa hushika floraidi hadi unajaa, na baada ya hapo maji hupita tu, yakiwa masafi kwa macho. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aandike tarehe ya kujaza na idadi ya ndoo kwa siku, na mara moja kwa robo mwaka apeleke sampuli chache zipimwe. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuondoa floraidi kwa muda mrefu. Ushauri wa lini mkaa ubadilishwe uanzie huko.

5.4 Magadi jikoni. Hili ni dogo. Wapishi wa shule hutia magadi kwenye maharage yaive upesi, na magadi ya huku yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Mwalimu wa chakula aagize maharage yalowekwe usiku kucha. Kuni zitapungua pia, jambo ambalo wapishi wenyewe walilitaja kabla yetu.

5.5 Tuliyoyaondoa. Mtambo wa kuchuja kwa kila kijiji umetoka kwa sababu hatukuchunguza gharama za umeme wala vipuri. Kampeni ya elimu kwa umma imetoka pia, kwa kuwa hatukukuta mtu asiyejua kwamba meno ya Arumeru yana madoa. Walichokosa ni kujua gati lipi.