Barua za Bibi

Arobaini ilipita Zuhura hajatoa chozi. Majirani pale Pangani walisema ana moyo mgumu, kumbe alikuwa akigawa kanga za marehemu na kuosha masufuria ili asifikiri. Siku ya kutoa samadari, chini ya godoro akakuta barua: Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama Bibi alivyojifunza chuoni. Zote aliandikiwa yeye, hata moja haikufika posta.

"Mjukuu wangu, umeondoka leo kwenda Dar. Nimepika wali wa nazi wa watu wawili, nikasahau kuwa haupo."

Akakaa sakafuni. "Bibi! Bibi yangu mie!" Akalia kwa sauti mpaka shangazi akaja mbio kutoka uani, akamkumbatia, wakalia pamoja.