Skeli na kodi za muziki: sura ya 3 kwa kifupi

Skeli ya meja, hatua toka noti hadi noti: nzima nzima nusu, nzima nzima nzima nusu. Ukianzia C kwenye kinanda unapiga kii nyeupe tu mpaka C ya juu, nusu zinaangukia E-F na B-C, ndo maana hapo katikati hamna nyeusi.

Skeli ya maina ya asili: anzia A, nyeupe tupu pia.

Kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja: noti ya 1, 3 na 5 ya skeli. C-E-G meja, imechangamka. Shusha E nusu tu ishakuwa maina.

Kwenye skeli ya C meja, kodi za noti ya 1, 4 na 5 (C, F, G) ni meja, hizo tatu zinabeba nyimbo kibao za kwaya, ya 2, 3, 6 maina, ya 7 diminishi, iache kwanza.

G7: G-B-D-F, inavuta kurudi C.