Karibuni Mwanza: hotuba ya kufungua hakathoni ya dagaa

Vijana, mambo vipi! Aah, hiyo "poa" ya nani? Mambo vipi! Sasa hapo sawa. Wakubwa zangu mlioketi mbele, shikamooni.

Kuna sahani mbili zinapita kwenu. Nuseni. Usiogope kaka, nusa. Ya kwanza ni dagaa waliopata jua siku nzima: wanang'aa, ukimkunja mmoja anakatika. Ya pili ni dagaa wa ziwa hilihili, wa usiku uleule, ila mvua iliwakuta mchangani saa nane mchana. Wamegeuka weusi, wamelegea. Wa kwanza wanakwenda sokoni. Hawa wengine, wakibahatika, ni chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa.

Mada yetu iko hapo, katikati ya sahani hizo mbili. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukijaa, kazi hupungua. Kwa hiyo mzigo huja kwa mkupuo, watu wote wanaanika siku zilezile, na wingu moja linawatia hasara wote. Tahadhari ya mvua, chanja za kuanikia, njia ya kumpata mnunuzi mapema: chagueni wenyewe. Lakini mama wa mchangani ana kitochi. Ukimtengenezea kitu kinachodai simu janja na bando, umemruka. Menyu ya nyota na reli haijapitwa na wakati, jamani.

Walezi ni hawa wanne wenye fulana za njano. Watatu ni waandishi wa programu, maswali ya seva na hifadhidata wapelekeeni. Wa nne ni mama yetu huyu, ameanika dagaa Kirumba tangu wengi wenu hamjazaliwa. Mama, simama wakuone. Mpigieni makofi! Najua mtakimbilia wale watatu. Mimi ningeanza na huyu.

Majaji nao ni watatu: mfanyabiashara wa dagaa, mwalimu wa kompyuta na afisa uvuvi. Katika alama 100, 50 ni za swali moja tu: mwanikaji ataweza kukitumia? Rangi za kupendeza hazina alama.

Ratiba. Leo Ijumaa, makundi yawe tayari saa mbili usiku, watu wanne wanne. Kesho saa kumi na mbili asubuhi basi linaondoka kwenda sokoni Mwaloni. Atakayelala ataandika programu ya kitu asichokiona. Kuanzia saa nne ni kazi, mpaka Jumapili saa sita mchana. Hapo mikono juu, hata kama imebaki hitilafu moja. Saa nane mnaonyesha, kila kundi dakika tano.

Ekstensheni ziko sita, chajini kwa zamu. Na sahani zangu zirudi huku mbele. He! Hii ya kwanza mbona imebaki nusu?